Chenga na picha kukatika kwenye HDMI: jinsi ya kujua kama ni waya, urefu au tundu

Malalamiko yanayojirudia yana sura moja. Picha ya TV inarusha chenga, au inazima sekunde mbili na kurudi. Mwenyewe anakwenda soko la Mwanga, ananunua waya mwingine wa HDMI, anachomeka, chenga zipo vilevile. Anaambiwa TV imekufa. Wengine hufikia hatua ya kuipakia TV kwenye basi kwenda Dar es Salaam kwa fundi, wakati kosa limebaki ukutani Kigoma.

Kinachowashinda wengi ni mpangilio: wanabadilisha kitu kabla ya kujua kosa liko upande gani. Mwongozo huu unafuata njia ya picha kutoka kwenye dishi hadi kwenye kioo, na kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja. Usiruke hatua hata kama unaona jibu lake liko wazi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Waya mfupi wa HDMI, mita 1 hadi 2, ambao umeuona ukifanya kazi vizuri kwenye TV nyingine. Kuazima kwa jirani kunatosha. Huu ndio kipimo chako kikuu.
- Kifaa cha pili chenye HDMI: deki, kompyuta mpakato au king'amuzi kingine.
- Flashi yenye video yoyote, kama TV yako inasoma flashi.
- Tochi ya simu, brashi laini iliyo kavu, na spiriti kidogo.
- Rimoti zote mbili, ya TV na ya king'amuzi, zenye betri nzima.

## Hatua ya 1: Tazama kosa lenyewe linafananaje

HDMI inapeleka picha kwa tarakimu. Tarakimu zikifika sawasawa, picha ni kamili. Waya wa bei kubwa hauwezi kuifanya iwe nzuri zaidi. Zikianza kufika zimeharibika, unaona nukta ndogo zinazometameta, nyeupe au za rangi, zikitokea na kupotea mahali popote pa picha. Hizo ndizo chenga za HDMI. Hali ikizidi, mistari mifupi inapita. Ikizidi tena, TV inapoteza mwendo wa mawimbi, kioo kinakuwa cheusi na sauti inaondoka nayo, kisha vyote vinarudi pamoja.

Kwa hiyo picha iliyofifia, yenye ukungu au rangi zilizopauka si kosa la waya. Hiyo tafuta kwenye mipangilio ya TV au kwenye chaneli yenyewe.

Kosa la pili linalochanganywa na chenga ni picha kugawanyika miraba-miraba, kuganda, na sauti kukwaruza. Hilo ni la dishi: dishi limesogea, LNB imechoka, maji yameingia kwenye konekta, au wingu zito la masika limefunika. Ukiona miraba, waacheni wauza HDMI wapumzike, panda juu ya paa.

Picha nzima ikigeuka pinki au kijani, mara nyingi ncha haijakaa vizuri au vifaa viwili havikuelewana vilipowaka. Chomoa, chomeka tena kwa utaratibu wa Hatua ya 3, kisha endelea.

Umefanikiwa ukiweza kusema: ni nukta, ni kiza cha sekunde chache, au ni miraba. Andika pia lini inatokea: wakati wote, mtu anapogusa TV, au friji inapowaka.

## Hatua ya 2: Ondoa dishi na kioo kwenye orodha ya washukiwa

Zima king'amuzi kwenye soketi, kisha fungua waya wa dishi nyuma yake. Kuzima ni lazima: waya ule unabeba umeme wa volti 13 hadi 18 kwenda kwenye LNB, na ukigusanisha kati yake na gamba la nje unaweza kuunguza king'amuzi.

Washa tena bila dishi. Utapata ujumbe kwamba hakuna mawimbi, usiujali. Fungua menyu ya king'amuzi na uitazame dakika kadhaa. Menyu hiyo inachorwa na king'amuzi chenyewe, haitoki angani. Chenga zikionekana juu yake, dishi halina hatia. Menyu ikiwa safi kabisa, na kosa linarudi tu unapofungua chaneli, rudi kwenye dishi.

Sasa bonyeza rimoti ya TV ufungue menyu ya TV, ile yenye sauti, mwanga na lugha. Hii haipiti kwenye waya wa HDMI. Chenga zikiwa nyuma ya menyu lakini menyu yenyewe ni safi, kioo ni kizima na kosa liko kati ya king'amuzi na TV. Chenga zikipita hata juu ya menyu ya TV, au juu ya video ya flashi, tatizo ni la ndani ya TV, na hakuna waya utakaolitibu. Hapo ndipo fundi wa TV anapohitajika.

Hatua hii haigharimu hata shilingi, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

## Hatua ya 3: Zima ukutani, kagua ncha na matundu

Chomoa plagi za TV na king'amuzi kutoka kwenye soketi kabla ya kugusa waya wa HDMI. Utasikia kwamba HDMI inachomekwa bila kuzima, na kwa nyumba yenye waya wa ardhini ulio sawa ni kweli. Nyumba zetu nyingi hazina ardhi ya uhakika. Kama umewahi kugusa chuma cha king'amuzi kikakupiga kidogo, huo umeme utapita kwenye vidole vya HDMI siku vitakapogusana vibaya.

Mulika tundu kwa tochi. Katikati kuna ulimi wa plastiki wenye vidole vya shaba, 10 upande mmoja na 9 upande wa pili. Vyote vinapaswa kulala sawa na kuwa na rangi moja. Tafuta kidole kilichopinda, kilichozama, kilichoungua na kuwa cheusi, au ulimi uliovunjika. Kagua na ncha ya waya vilevile.

Vumbi litoe kwa brashi kavu. Ukungu wa kijani unaosababishwa na unyevu wa ziwani sugua ncha ya waya, si tundu, kwa brashi iliyoloa spiriti kidogo, uache ikauke kabisa. Usiingize sindano wala pini kwenye tundu. Kidole kimoja kikiegemea kingine, kosa dogo linakuwa ubao mpya.

Chomeka tena mpaka mwisho. Ncha nyingi huonekana zimeingia wakati zimebaki nje kidogo, hasa TV ikiwa imebanwa ukutani na waya umekunjwa kwa nguvu nyuma yake.

Umefanikiwa ikiwa: ncha inaingia kwa kubana kidogo na haining'inii. Ikicheza kama jino bovu, weka alama akilini, tutairudia.

## Hatua ya 4: Punguza mzigo kwenye waya

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko kumtazama mtu akikunja waya mkononi na kusema “huu mzito.”

Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha, penye neno `Resolution` au `Video Output`. Utaona namba kama `1080p`, `1080i`, `720p`, `576p`. Kila moja ni mzigo tofauti kwenye waya. `1080p` inapitisha karibu gigabiti 4.5 kwa sekunde. `720p` ni nusu yake, kama 2.2. `576p` haifiki hata 1.

Angalia hapa wengi wanapopotea: `1080i` na `720p` zina mzigo uleule. Ukitoka `1080i` ukaenda `720p` na chenga zikabaki, hujapima kitu, umebadilisha jina tu. Kama king'amuzi chako kiko `1080i`, shuka hadi `576p`.

Kwa wenye visanduku vya 4K pengo ni kubwa zaidi. Picha ya 4K kwa 60Hz inataka karibu gigabiti 18. Ukishuka hadi `1080p` umepunguza mzigo mara nne.

Soma matokeo hivi. Chenga zikitoweka ulipopunguza mzigo, mawimbi yanafika lakini yamechoka njiani: waya ni mrefu kupita uwezo wake, ni dhaifu, au una maungio mengi. Chenga zikibaki zilezile hata kwenye `576p`, shaka inahamia kwenye mguso: ncha, vidole au tundu.

Ukiamua kubaki kwenye `720p` na picha ikawa safi, hakuna aibu. Chaneli nyingi kwenye TV ya inchi 32 hutaona tofauti ukiwa kwenye kochi.

## Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja

Rudisha mpangilio wa picha ulioleta chenga, vinginevyo hutakuwa na kosa la kupima. Kisha fuata mfululizo huu, na baada ya kila badiliko tazama angalau robo saa.

1. Toa kila kilicho katikati: splita, kiunganishi cha waya mbili, swichi ya HDMI. Waya mmoja tu kutoka king'amuzi hadi TV. Kama kosa limeondoka, umeshampata mkosaji. Splita zenye adapta yake hufanya hivi adapta inapochoka.
2. Weka waya mfupi wa majaribio kwenye matundu yaleyale. Sogeza king'amuzi karibu na TV ikibidi. Kosa likiondoka, ni waya wa zamani.
3. Kama bado lipo, hamisha ncha ya upande wa TV kutoka HDMI 1 kwenda HDMI 2, na uchague `HDMI 2` kwa rimoti. Kosa likiondoka, ni tundu la kwanza la TV.
4. Kama bado lipo, ondoa king'amuzi, weka deki au kompyuta kwa waya uleule mfupi. Picha ikiwa safi, mkosaji ni tundu la king'amuzi. Ikiwa na kosa kwenye matundu yote ya TV, ubao wa TV una tatizo.

Ile ncha iliyokuwa inacheza ijaribu sasa. Vifaa vikiwa vimewaka, isukume taratibu kwa kidole kimoja, juu na chini, milimita moja tu. Picha ikikatika, weka waya mfupi kwenye tundu lilelile na urudie. Ikikatika tena, tundu limelegea. Isipokatika, ni ncha ya waya wa kwanza.

Waya mpya kutoka duka lilelile, mzigo uleule, haukupi kipimo. Unaweza kuwa umenunua pacha wa ule mbovu.

## Banda moja la Ujiji

Tuchukue banda la kuonyeshea mpira lenye TV ya inchi 55 mbele, na king'amuzi nyuma kaunta, karibu na droo ya pesa, ili mwenyewe akilinde. Waya mwembamba wa mita 15 unapita juu ya miti ya paa, umefungwa pamoja na waya wa umeme wa taa. Friji ya soda iko kwenye ekstensheni moja na king'amuzi. Chenga ni za kudumu, na kila friji inapowaka kioo kinakuwa cheusi.

“Fundi, hii TV imekwisha, niambie tu bei ya nyingine.”

“Subiri kwanza mzee, hatujaiuliza yenyewe.”

Dishi limefunguliwa, chenga bado ziko kwenye menyu ya king'amuzi. Menyu ya TV ni safi, na video ya flashi ni safi. TV imeachiwa huru. King'amuzi kiko `1080p`. Kikishushwa hadi `720p` chenga zinapungua sana, lakini friji ikiwaka kiza kinarudi. Kwenye `576p` vyote vinatulia, friji iwake isiwake.

Hapo jibu limeshaonekana: mawimbi yanafika yamechoka, na mshtuko wa umeme kutoka kwenye mota ya friji unamalizia. Kuthibitisha, king'amuzi kinabebwa hadi chini ya TV na kuunganishwa kwa waya wa mita 1.5 kwenye tundu lilelile, `1080p`. Friji inawaka mara kadhaa, picha haitikisiki. Tundu la TV ni zima, king'amuzi ni kizima. Ni ule waya wa paani.

Sasa dawa. Mwenye banda alitaka waya mwingine wa mita 15, mnene zaidi. Mimi ningemzuia. Nafuu na imara zaidi ni kuhamisha king'amuzi na kurefusha waya wa dishi, siyo HDMI. Waya mzuri wa dishi, ule wenye maandishi `RG6`, unaenda hata mita 30 bila shida. Kutoka paani hadi kaunta zilikuwa mita 12. Ukiongeza 15 unapata 27, bado umo ndani. Ni bora kuvuta kipande kimoja kizima kuliko kuunga, na kama lazima uunge, tumia konekta za kuskrubu na uzifunge tepu maji yasiingie.

Ulinzi je? Kisanduku cha mbao chini ya TV, mbele kikiwa na wavu na kufuli. Joto linatoka, miale ya rimoti inapita, mkono haupiti. Friji ikapewa soketi yake.

## Urefu: mahali pa kusimama

Kwa waya wa kawaida wa shaba, mimi husimama hapa. Mpaka mita 3, karibu waya wowote usiovunjika utabeba `1080p`. Mita 5, nunua wenye jina la daraja. Mita 10, uwe mnene, na uujaribu kabla ya kuupitisha ukutani. Kwa 4K ya 60Hz, mita 5 za shaba ndiyo kama mwisho wa kutegemea.

Ukilazimika kwenda mbali, kwa mfano projekta ya kanisani au ukumbini, kuna waya wa HDMI wa nyuzi za kioo. Huu una upande: ncha moja imeandikwa `SOURCE`, inakwenda kwenye king'amuzi, na nyingine `DISPLAY` au `TV`. Ukigeuza, hupati kitu kabisa, na wengi huurudisha dukani wakidhani ni mbovu. Usiukunje kona kali. Uzi wa ndani ukivunjika hauungwi.

Kuunga waya mbili za mita 5 hakukupi waya wa mita 10. Kila ungio linarudisha sehemu ya mawimbi nyuma, na chenga huanzia hapo.

## Kuchagua waya dukani

Kwanza, usinunue kwa kuangalia unene wa gamba. Plastiki ni rahisi kuliko shaba. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye gamba lenyewe: namba kabla ya `AWG` ikiwa ndogo, shaba ni nene. `24AWG` ni nene, `30AWG` ni nyembamba. Kwa mita 2 nyembamba inatosha. Kwa mita 10 isikuguse.

Pili, maneno kama “HDMI 2.1” kwenye pakiti peke yake si daraja la waya. Namba hizo ni za vifaa. Madaraja ya waya utakayokutana nayo zaidi ni `High Speed`, kisha `Premium High Speed` yanayopimwa kwa gigabiti 18, na `Ultra High Speed` kwa 48. Hayo mawili ya mwisho huja na lebo ya kuskani kwa simu kupitia programu ya HDMI. Lebo isiyoskanika ni karatasi tu. Na kwa king'amuzi cha `1080p` huna sababu ya kulipia 48.

Tatu, dhahabu kwenye ncha inazuia kutu tu. Haipendezeshi picha.

Mwisho, omba ujaribiwe dukani kwenye TV yao, na ukubaliane kurudisha ndani ya siku chache. Muuzaji anayeletewa mzigo kutoka Kariakoo naye hajui ndani kuna nini.

## Kama ni tundu

TV ikiwa na tundu jingine zima, tumia hilo na uzibe lile bovu kwa tepu, watoto wasilichomeke. Tundu lililolegea mara nyingi liling'olewa na uzito wa waya, kwa hiyo funga waya kwenye mguu wa TV au kwenye kibanio cha ukutani, usining'inie kwenye ncha.

Kubadilisha tundu ni kazi ya kutengua vidole 19 kwenye ubao bila kung'oa njia zake. Mwulize fundi kama ana mashine ya hewa moto. Akikuonyesha pasi ya kuchomelea ya mkono pekee, chukua TV yako.

Tundu lililokufa ghafla baada ya radi ni habari nyingine. Mara nyingi umeme uliingia kwa dishi, ukapita king'amuzi, ukavuka kwa HDMI, ukaua chipu ya nyuma ya tundu. Kubadilisha tundu hakutasaidia. Jaribu matundu mengine yote kabla ya kukata tamaa, kwani wakati mwingine moja hupona. Na mawingu yakianza kunguruma upande wa ziwa, kuchomoa plagi ya umeme peke yake hakutoshi. Fungua na waya wa dishi.